Kadi imekubali, pesa bado

Ukipita Mtaa wa Biashara mjini Mombasa wiki ya mwisho ya Ramadhani, utaona vibandiko vya Visa na Mastercard kwenye vioo vya maduka ya leso, na juu ya kaunta nambari ya tili imeandikwa kwa tarakimu za kusomeka toka barabarani. Mteja akitoa kadi, muuzaji huinama, huvuta droo, huigusa mashine kama anayempima mtoto homa, kisha husema, "Dada'angu, leo mtandao umetusumbua. Huna M-Pesa?" Mteja huguna, hutoa simu, hulipa. Haipiti muda anaingia mtalii mwenye bili ya shilingi elfu kumi na mbili, na mtandao unarudi wenyewe.

Wengi huuita huu ujanja wa wafanyabiashara wa Pwani. Wengine husema ni ushamba wa kuogopa teknolojia. Mimi nasema ni hesabu, tena hesabu iliyopigwa sawasawa. Mwenye duka dogo anayeificha mashine ya kadi anajua jambo ambalo afisa wa benki aliyemletea hakulieleza: asilimia inayokatwa kwa kila mauzo ni nusu tu ya gharama. Nusu ya pili, ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko ya kwanza, ni siku zinazopita kabla pesa yake haijamfikia. Na siku hizo zimebebeshwa mtu asiye na uwezo wa kuzibeba.

Asilimia 3 ya nini?

Afisa wa benki akija dukani na mashine, ambayo huku kwetu twaiita PDQ, huja na maneno matamu. Atakwambia makato ni "asilimia 3 tu". Mikataba hutofautiana, kuna wenye 2, kuna wenye 3 na nusu, na kadi iliyotolewa nje ya nchi kwa kawaida hugharimu zaidi ya ile ya hapa. Tushike 3. Swali la kumuuliza ni moja: asilimia 3 ya nini?

Ni asilimia 3 ya mauzo, na duka haliishi kwa mauzo, laishi kwa faida. Chukua duka la leso. Tuseme pea moja hununuliwa kwa jumla shilingi 450 na kuuzwa 550. Faida ni mia moja. Makato ya kadi hayahesabiwi kwenye ile mia, huhesabiwa kwenye 550, na huwa shilingi kumi na sita na nusu. Maana yake ni kwamba katika kila pea sita zinazolipiwa kwa kadi, faida ya pea moja, nzima, imekwenda. Na leso ni biashara yenye nafasi ya kupumua. Nenda kwenye duka la vyakula pale Majengo au Kisauni, ambako mwenye duka hubaki na shilingi nane katika kila mia akishukuru Mungu. Mteja akinunua unga, mafuta na sukari vya 1,500 kwa kadi, faida yote ni 120 na makato ni 45. Zaidi ya thuluthi ya faida imeondoka kabla hajalipa stima, kodi ya chumba wala mvulana wa kubeba mizigo.

Hizo 45 huenda wapi? Watu hudhani zaishia kwa benki iliyoleta mashine. La. Sehemu kubwa huenda kwa benki iliyompa mteja kadi, kidogo huenda kwa kampuni ya mtandao wa kadi, na benki ya duka hubaki na masalio. Ndiyo maana afisa hata akikupenda vipi hawezi kushuka chini ya kiwango fulani. Kuna fungu ambalo si lake kulipunguza. Fungu hilo la benki ya mteja ndilo hulipia zile pointi na zawadi ambazo mwenye kadi hutangaziwa. Basi tazama: duka likipandisha bei kidogo ili kufidia makato, mama anayelipa kwa noti za hamsini analipia pointi za yule mwenye kadi. Nani alimuuliza kama anakubali?

Wenye maduka wengine hupata suluhisho la haraka: wanamwongezea mteja wa kadi asilimia 3 juu ya bei. Ni haki machoni pa wengi, lakini mikataba mingi ya mashine hukataza, na mteja akilalamika benki yaweza kuja kuichukua mashine yake. Ndiyo sababu neno linalotumika ni "mtandao". Mtandao haushtakiwi.

Toka Ijumaa hadi Jumatano

Sasa tuje kwenye ile nusu ya pili. Mashine inapoandika APPROVED na kutoa karatasi, mteja huondoka akijua amelipa, na kwake yeye ni kweli. Kwa duka, kilichopatikana pale ni ahadi tu: benki ya mteja imesema pesa zipo na imezitenga. Pesa zenyewe hazijasogea. Ili zisogee, mashine lazima ifungwe hesabu jioni. Nyingine hujifunga zenyewe usiku. Nyingine zasubiri mtu aingie kwenye menyu na kubonyeza SETTLEMENT, nayo hutoa karatasi yenye jumla ya siku. Asiyebonyeza halipwi. Yametokea maduka ambayo kijana wa zamu hakufundishwa kitufe hicho, mauzo ya siku kadhaa yakalala ndani ya mashine huku mwenyewe akiilaumu benki.

Hesabu ikishafungwa, benki huhitaji siku ya kazi moja au mbili. Siku ya kazi, si siku ya duka. Duka hufunguliwa Jumamosi, Jumapili hadi saa sita, na usiku wa mkesha wa Idi halifungwi kabisa. Benki hazifanyi hivyo.

Tumfuate mwenye duka mmoja wa mfano, na Idi imeangukia Jumatatu. Kuanzia Ijumaa alasiri hadi Jumapili usiku ameuza pea 80 kwa kadi. Ni shilingi 44,000, faida yake 8,000, makato ya asilimia 3 ni 1,320. Hadi hapo anaumia lakini anasimama. Ila Jumamosi saa saba mchana mtindo unaotafutwa umekwisha kwenye rafu. Muuzaji wa jumla yuko mtaa huohuo, hatua chache, na mzigo anao. Anataka pesa mkononi au M-Pesa, kwa sababu wiki ya Idi hakuna mali kauli. Kila mtu anataka mzigo na yeye hana haja ya kumkopesha yeyote. Mwenye duka wetu ana pesa za mauzo ya Ijumaa na ya asubuhi ile. Anaziona kwenye karatasi ya mashine. Hawezi kuzigusa. Jumatatu ni sikukuu, kwa hivyo pesa zitaingia Jumanne ikiwa bahati ni yake, Jumatano ikiwa ni ya wengine. Na Jumatano nani ananunua leso ya Idi?

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, naye hangoji. Anafungua simu na kukopa 20,000 kwenye M-Shwari. Ada ya mkopo huo ni asilimia 7.5 kwa mwezi, na haipungui kwa kuwa umelipa baada ya siku nne. Ni shilingi 1,500, bila kuhesabu ushuru wa serikali. Linganisha sasa. Kukubali kadi kulimgharimu 1,320. Kuisubiri pesa ya kadi kumemgharimu 1,500. Jumla ni 2,820 mbele ya faida ya 8,000 iliyotokana na kadi hizo. Na kichekesho chenyewe ni kwamba amekopa kwa riba ili azibe pengo la pesa ambazo ni zake, zimekwisha kulipwa, na zimekaa mahali fulani ndani ya mfumo wa benki zikisubiri watu warudi kazini.

Nyumbani pengo hilo lina sura yake. Familia za wenye maduka madogo hula kutoka kwenye droo. Nauli ya shule, gesi, dawa ya bibi, vyote hutoka pale. Droo ikijaa karatasi za mashine badala ya noti, mke huambiwa subiri Jumanne, na mwalimu wa madrasa naye huambiwa hivyohivyo.

Tili, Pochi na "tuma kwa namba yangu"

Msomaji ataniuliza, kwani kadi ni ya nini wakati nchi nzima ina M-Pesa? Ni kweli, na hapa Kenya tumebahatika kuliko tunavyojua. Malipo ya tili yalipoanza kushika kasi mwaka 2013 makato yalikuwa asilimia 1. Kiwango cha kawaida siku hizi ni asilimia 0.55 na hakipiti shilingi 200 kwa muamala mmoja, na malipo ya hadi shilingi 200 hayakatwi kitu. Mteja naye hatozwi. Ile bili ya unga na mafuta ya 1,500, ambayo kadi ingeila 45, tili huila shilingi nane na senti. Mkate na paketi ya maziwa, bure kwa pande zote mbili. Na pesa huonekana kwenye tili papo hapo, Jumapili au Idi.

Basi kwa nini maduka mengi bado yana kipande cha boksi kilichoandikwa namba ya simu ya mwenyewe, na ukiuliza tili unaambiwa, "Tuma tu kwa hiyo namba, kaka"? Hapa siwatetei wenye maduka. Ukinunua vitu vya 150 na ukatuma kama mtu anayemtumia ndugu yake, unatozwa shilingi 7. Hiyo ni karibu asilimia 5, zaidi ya kadi yoyote, na umeilipa wewe mteja juu ya bei. Pochi la Biashara nayo ina tabia hiyohiyo: pesa ya duka haichanganyiki na ile ya maisha mengine ya mwenyewe, lakini ada ya kutuma ni ya mteja. Kwa malipo yasiyozidi mia hakuna tofauti, kwa sababu kutuma hadi mia ni bure. Juu ya hapo mteja ndiye anayebeba, na wateja hawasemi. Siku moja huanza tu kununua duka la pili.

Sababu ya kweli ya kukwepa tili hujulikana na haitajwi. Tili huacha nyayo. Mwenye duka mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka anatakiwa kulipa kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3, kutoka 1 ya awali. Angalia tena: ni asilimia ya mauzo, haijali kama faida ni nane au arobaini. Duka la vyakula lenye nane kwa mia likilipa 3 kwa serikali na 3 kwa kadi, limebaki na mbili. Sisemi watu wakwepe kodi. Nasema aliyetunga kiwango cha kodi na aliyetunga kiwango cha kadi hawakuwahi kukaa meza moja na yule anayelipa vyote viwili.

Namba ya mwenyewe ina ubaya mwingine ambao humrudia mwenye duka. Pesa ya duka huchanganyika na ya harusi, ya chama na ya shemeji aliyekopa. Kuitoa kwa wakala ni shilingi 29 kwa kila kiasi cha kati ya 101 na 2,500, na mwenye duka anayetoa elfu moja moja kila jioni amelipa karibu asilimia 3 palepale, bila mashine wala benki. Halafu kuna matapeli: mteja anayeonyesha ujumbe kwenye simu yake mwenyewe, wenye jina la duka, kiasi sahihi na hata salio. Kijana wa kaunta asiyekuwa na simu ya duka mkononi atathibitisha na nini? Kanuni ya kaunta ni kutazama simu ya duka na kuuliza jina la mlipaji. Simu ya mteja haithibitishi chochote.

Mali bila daftari

Mali bila daftari huisha bila habari, na malipo ya kadi yameupa msemo huo maana mpya. Pesa ya kadi huingia kwenye akaunti kama fungu moja, mara nyingi makato yameshatolewa. Yule wa mfano wetu ataona 42,680, hataona pea 80. Kama kuna muamala mmoja uliopotea, hautaonekana kwa kutazama salio. Utaonekana tu kwa kuchukua jumla ya karatasi ya kufunga hesabu, kutoa asilimia ya mkataba, na kulinganisha na kilichoingia. Kazi ya dakika kumi kwa juma. Wachache wanaifanya, na wanaoifanya mara kwa mara hugundua kwamba kadi za kigeni zimekatwa kiwango kingine walichotia sahihi bila kukisoma.

Karatasi zenyewe zina dosari. Huchapishwa kwa joto, si kwa wino, na zikikaa kwenye droo karibu na dirisha la Mombasa hufifia zikabaki nyeupe. Lakini mwenye kadi ana haki ya kuyapinga malipo kupitia benki yake, kwa sababu nyingi hadi siku 120. Mtalii aliyerudi kwao akisema haikumbuki bili ya elfu kumi na mbili, benki humwomba mwenye duka ushahidi, na mwenye duka hutoa karatasi nyeupe. Hapo pesa hutolewa kwenye akaunti yake. Ipige picha karatasi ya bili kubwa siku ileile, iandike leso ngapi na za mtindo gani. Ni desturi ndogo, na ndiyo kinga pekee ambayo duka dogo linayo.

Siku ziwe za nani?

Narudi kwenye dai langu. Watu wakizungumzia gharama za kadi hupigania asilimia, na iko sababu. Umoja wa Ulaya mwaka 2015 uliweka kikomo kwenye lile fungu la benki ya mteja: 0.2 kwa kadi za akiba na 0.3 kwa kadi za mkopo. India, kwa malipo ya simu ya mfumo wa UPI, imefuta makato kwa maduka tangu Januari 2020. Mambo hayo yanawezekana, ila huhitaji sheria na miaka ya kuvutana.

Siku za kungoja hazihitaji hivyo. Tangu mwaka 2017 mabenki ya Kenya yana PesaLink, inayohamisha pesa kutoka benki moja hadi nyingine saa yoyote, Jumapili usiku na sikukuu. Mfumo ni wao wenyewe, waliujenga kupitia chama chao. Mimi naweza kumtumia mpwa wangu elfu kumi toka benki yangu hadi yake usiku wa Idi na zikafika kabla sijaweka simu chini. Vipi basi benki iliyoona APPROVED ikitoka kwenye mashine yake yenyewe ishindwe kumpa mwenye duka pesa yake hadi Jumatano?

Wana jibu, na nalitaja kwa sababu ni la kweli: mitandao ya kadi husawazisha hesabu baina ya mabenki kwa siku za kazi, kwa hivyo benki ikilipa duka Jumamosi inalipa kutoka mfukoni mwake, na mteja akipinga malipo baadaye ni hatari yake. Sawa. Lakini lazima awepo mtu mmoja wa kukaa siku nne bila pesa yake. Kati ya benki yenye mabilioni na mwenye duka wa leso anayekwenda kukopa kwa 7.5, nani anazibeba siku nne kwa gharama ndogo? Benki yaweza kumkopesha pesa yake mwenyewe kwa sehemu ndogo ya asilimia na bado ipate faida. Isipofanya, duka litakopa kwingine kwa bei mbaya, au litaendelea kupoteza mtandao kila mteja wa bili ndogo anapotoa kadi, na mashine iliyonunuliwa kwa pesa nyingi itakaa ndani ya droo.

Kwa sasa, mwenye duka anayeletewa mashine aulize kabla ya kutia sahihi: mauzo ya Jumamosi yanaingia akaunti siku gani na saa ngapi, kadi ya nje inakatwa ngapi, kuna kodi ya mashine kila mwezi, au kiwango cha mauzo ambacho nisipokifikia nitatozwa, na malipo yakipingwa nina siku ngapi za kujibu. Majibu yawe kwenye karatasi. Afisa asiyejua la kwanza arudi akaulize.

Na Benki Kuu ilazimishe majibu hayo yachapishwe, benki kwa benki, mahali pamoja. Kwa mikopo jambo hilo limeshafanyika: iko tovuti ambayo mkopaji hulinganisha gharama za benki zote kabla ya kuingia mlangoni. Anayepokea kadi bado huambiwa kiwango chake kwa sauti ya chini, kaunta kwa kaunta, na jirani yake wa ukuta mmoja analipa kingine.